Bakuli Limerejeshwa, Mfuniko Bado: Hotuba Yangu Kuhusu Meme za "Hivi Punde"

(Kwa ambao hamkufika Jumamosi Morogoro, hii hapa hotuba yote. Nimeiandika kutoka kwenye rekodi ya simu, kwaiyo imekaa kimaongezi hivo hivo.)

Habari zenu jamani. Mmekunywa chai? Haya. Walioko nyuma sogeeni, viti vya mbele vipo na mi siumi mtu.

Wengi hapa mnanijua kwa zile voisi za hivi punde, zile za kusoma mambo madogo ya nyumbani kwa sauti ya taarifa ya habari, lakini kabla ya hapo nilisoma taarifa ya habari miaka 9 kwenye redio ndogo ya mkoani, yani nimesoma ajali, nimesoma mafuriko, nimesoma matokeo ya uchaguzi na nimesoma matangazo ya vifo hadi vya watu ninaowafahamu. Kwaiyo hii sauti tunayoicheza kwenye meme nimeifanyia kazi pande zote mbili, na ndo maana nimekubali kuja kuongea nanyi leo. Naanza kwa kuwasomea moja. Tulieni kidogo.

"Habari zilizotufikia hivi punde kutoka Kihonda zinaeleza kuwa bakuli moja la plastiki, rangi ya kijani, lililoazimwa mwezi Machi kwa ajili ya kubebea pilau, limerejeshwa kwa mmiliki wake jana, majira ya saa kumi na mbili jioni. Mashuhuda wa tukio hilo wanasema bakuli limerudi likiwa tupu. Mfuniko wake bado haujapatikana. Juhudi za kuutafuta zinaendelea."

Mmecheka. Sasa niulize, mmecheka nini? Ngoja niiseme tena kwa njia nyingine: "Jirani yangu kanirudishia bakuli langu jana, kalileta tupu, na mfuniko sijui kapeleka wapi." Nani kacheka? Hakuna. Mmoja hapo kaguna, na kaguna kwa sababu bakuli kurudishwa tupu kwetu ni jambo la kuguniwa kweli. Habari ni ile ile, bakuli ni lile lile, mfuniko umepotea vile vile. Kilichobadilika ni sauti tu. Kwaiyo kichekesho hakipo kwenye bakuli, kipo kwenye sauti, na kama kipo kwenye sauti basi lazima tujue hii sauti tumeitoa wapi, maana watu wengi wanaiiga bila kujua kinachoipa uzito.

Tumeitoa wapi? Wazee mliopo mtakumbuka, Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi huku tulikuwa na redio, na kwa miaka mingi redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Saa mbili usiku ikifika ngoma inapigwa. Zile ngoma ni za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji ngoma kipofu, mtu mmoja aliyekuwa anapiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, na zikianza kulia nyumba nzima inanyamaza. Mtoto analia? Atolewe nje. Baba kashika kijiko? Kijiko kinasubiri hewani. Ikiingia sauti ya msomaji, hapo hakuna maoni, hakuna kucheka, hakuna "mi naona". Unaambiwa kilichotokea, kimetokea wapi, nani kasema, basi.

Halafu kulikuwa na matangazo ya vifo. Msomaji anasoma jina la marehemu, anasoma jina la anayesikitika kutangaza msiba, halafu ndugu walioko Tukuyu, walioko Ujiji, walioko Same, wapate habari popote walipo, mmoja mmoja kwa jina. Kwa watu wengi ile ndo ilikuwa njia ya kujua kwamba shangazi hayupo tena. Sasa fikirieni, sauti imefanya kazi hiyo kwenye nyumba zetu miaka na miaka. Imeingia mwilini. Ukiisikia mgongo unanyooka wenyewe kabla hujaelewa hata neno moja, na meme yetu inaishi kwenye hiyo nafasi ndogo kati ya mgongo kunyooka na akili kugundua kwamba kumbe ni bakuli.

Nataka niwape kisa kimoja cha kuonyesha uzito wa sauti ya mtangazaji, kisa cha majirani zetu Kenya. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa jeshi la anga walijaribu kupindua serikali ya Rais Moi. Kituo cha redio, Sauti ya Kenya, walikuwa wamekikamata. Maikrofoni wanazo, mitambo wanayo, na mdomo kila mwanajeshi anao. Lakini wakaenda nyumbani kwa Leonard Mambo Mbotela usiku ule, wakamchukua, wakamleta studio atangaze yeye kwamba serikali imepinduliwa. Kwa nini yeye? Mwanajeshi si angesoma tu ile karatasi? Angeweza, lakini walijua wananchi wanaiamini sauti gani. Walikuwa na bunduki na bado wakahitaji ile sauti. Na huyu Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, ndo huyo huyo aliyejulikana kwa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana, kipindi cha kuuliza kuhusu tabia ndogo ndogo za kila siku, yani mtu kafanya hivi kwa jirani yake, je huo ni ungwana? Sauti ile ile iliyotakiwa kwenye mapinduzi ndo iliyokuwa inakuja kwako kuuliza mambo ya adabu za nyumbani. Mi huwa nawaza kwamba sikio la Mswahili lilishazoea siku nyingi kusikia jambo dogo kwa sauti kubwa, na bakuli kurudi tupu lingekaa vizuri kabisa kwenye kipindi kile.

Kisa kingine kifupi, hiki cha mbali. Tarehe 18 Aprili 1930, siku ya Ijumaa Kuu, msomaji wa BBC kule London alifika kwenye taarifa ya habari ya usiku akasema leo hakuna habari. Basi. Wakapiga piano. Mnaona? Kulikuwa na wakati ambapo kama hakuna jambo, sauti inanyamaza. Leo je? Ule utepe mwekundu wa chini ya skrini na maandishi yanayokimbia vilishika kasi baada ya tarehe 11 Septemba 2001, siku ambayo kulikuwa na habari kweli, halafu havikuondoka tena. Leo waziri kapanda ndege ni hivi punde, waziri kashuka ni hivi punde, mchezaji kanyoa nywele ni hivi punde. Kwaiyo mtu akitengeneza utepe mwekundu wa bakuli la Kihonda anacheka na bakuli, lakini pia anasema kitu cha kweli kuhusu utepe wenyewe, na hilo mi naliheshimu sana.

Haya, twende jikoni sasa. Meme hii inapikwaje?

Nawapa ile ya bakuli jinsi ilivyoanza. Siku bakuli liliporudi niliandika hivi kwenye simu: "Breking nyuuuz!!! Jirani hatimaye kaleta bakuli langu jamani hahahaha." Nikaisoma, nikaona imekufa. Imekufa kwa nini? Kwa sababu ile ni mimi ninaongea. Msomaji wa habari hana jirani. Hasemi hatimaye, hachoki kusubiri. Hana bakuli langu, ana bakuli moja. Kwaiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kujitoa mimi mwenyewe kwenye habari. "Jirani" akawa hayupo kabisa, na "langu" ikawa "mmiliki wake".

Kitu cha pili ni kitenzi, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo meme nyingi zinafia. Mtaani tunasema "kaleta", "kafa", "kapika". Msomaji hasemi hivo. Msomaji anasema "limerejeshwa", "amepoteza maisha", "kimeandaliwa". Anapenda kutendwa, kitu kinafanyika na aliyekifanya anabaki gizani. Na kwenye maandishi ya utepe kuna kingine tena, kuna ile "a" ya vichwa vya magazeti. Rais awasili. Bei yapanda. Watatu wakamatwa. Nani huku kwetu anaongea hivo nyumbani? Ushawahi kumwambia mtu "mama apika"? Utaambiwa mama anapika au kapika. Ile "a" imebaki kwenye magazeti na kwenye mashairi, kwaiyo jicho likiiona tu linajua hii ni habari, hata rangi nyekundu huhitaji. Utepe wangu ulisomeka BAKULI LAREJESHWA, MFUNIKO BADO WASAKWA. Maneno matano. Ningeandika "bakuli limerudi, mfuniko bado unatafutwa" ingekuwa taarifa ya kawaida tu ya grupu la familia.

Cha tatu ni vipimo. Habari ya kweli ina umri, ina saa, ina mahali. "Mkazi mmoja anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya 40 na 45." Na neno "majira", hilo neno msiliache, kwenye maongezi majira ni ya mvua, ila kwenye habari kila kitu kinatokea majira ya saa fulani. Bakuli likapewa rangi ya kijani, likapewa mwezi Machi, likapewa pilau. Vyote vitatu ni vya kweli kwa sababu bakuli lenyewe lilikuwepo, na mi nawashauri muanzie kwenye kitu kilichotokea kweli nyumbani kwenu, maana ukibuni kutoka hewani vipimo vyako vinakuwa vya jumla jumla tu na mtu anasikia.

Cha nne ndo ninachokipenda kuliko vyote, shimo. Kila taarifa kubwa ina kitu kimoja ambacho hakijulikani. Chanzo cha moto hakijafahamika. Simu yake iliita bila kupokelewa. Uchunguzi bado unaendelea. Shimo langu mi ni mfuniko. Bila mfuniko ile habari imekwisha, bakuli limerudi, asante, kwaheri. Mfuniko ukipotea habari inaendelea, na msikilizaji anabaki na kila mfuniko uliowahi kupotea kwake, na kila nyumba ina mifuniko iliyopotea, nyie si mnajua?

Na cha tano, nikafuta zile hahaha zote na alama za mshangao. Msomaji hacheki. Ukicheka wewe, yeye msikilizaji anacheka nini sasa?

Kuhusu sauti yenyewe nitasema machache maana wengi wenu mnakosea sehemu moja. Mnakuza sauti. Mnaigiza uzito, mnavuta maneno kama mganga wa kwenye filamu. Msomaji wa kweli haongezi sauti, anaipunguza. Sentensi moja pumzi moja, mwisho wa sentensi sauti inashuka, na kabla ya lile neno dogo, neno la bakuli, anasimama kidogo sana. Soma ukiwa umesimama au umekaa wima. Simu iweke shibiri moja kutoka mdomoni na iwe pembeni kidogo, isikae mbele ya mdomo moja kwa moja, maana herufi p na b zinapiga upepo kwenye maikrofoni. Na mwangwi, wanangu, mwangwi ndo unaoharibu kila kitu. Studio haina mwangwi, chumba chako chenye sakafu ya vigae kina mwangwi mpaka wa choo. Fungua kabati la nguo, ingiza kichwa na simu humo kati ya magauni, rekodi. Mi zangu zote nimerekodia kabatini, kuanzia ya kwanza mpaka hii ya bakuli. Na sekunde 20 zinatosha, ikizidi 30 umeanza kuandika igizo.

Sasa nahamia sehemu ambayo imenileta hapa hasa, na hapa sitachekesha.

Mwaka 1957, tarehe 1 Aprili, BBC walionyesha kwenye televisheni habari ya mavuno ya tambi kule Uswisi. Ndiyo, tambi, spageti. Picha zinaonyesha akina mama wa Ticino wanachuma tambi kwenye miti, wanazianika juani, na sauti inaeleza kwamba mwaka huu mavuno ni mazuri kwa sababu baridi haikuwa kali na yule mdudu anayekula tambi ametoweka. Aliyesoma ni Richard Dimbleby. Huyu ndo mtangazaji aliyeeleza kambi ya mateso ya Wanazi ya Belsen mwaka 1945, ndo aliyetangaza kutawazwa kwa Malkia mwaka 1953, yani kwa Waingereza ile sauti ilikuwa kama kwetu ngoma za saa mbili. Waliotazama walikuwa kama milioni 8, na baadaye simu zikaanza kupigwa BBC, wengine wanauliza hiyo miche ya tambi inapatikana wapi wapande na wao.

Unaweza kusema Waingereza wale walikuwa wajinga. Mi nakataa. Tambi kwao wakati ule hazikuwa chakula cha kila siku, wengi walizijua za kwenye kopo tu. Mtu asiyejua tambi zinatengenezwaje atajuaje kwamba hazioti? Wangempa Dimbleby habari ya viazi vinavyochumwa mtini pasingekuwa na simu hata moja. Kwaiyo tatizo lilikuwa kwamba jambo lenyewe halikuonekana la kipuuzi kwa mtu asiyekuwa na ujuzi wa kulipima, na anapokosa ujuzi anaegemea nini? Anaegemea sauti. Sauti ikisema kweli, basi kweli.

Hapo ndo mpaka ulipo, na naomba mnielewe hapa hata kama mtasahau yote ya kabatini. Meme yetu inakuwa salama pale tu ambapo udogo wa jambo unaonekana na kila mtu atakayeipokea, bila msaada wowote. Bila jina la ukurasa wako. Bila zile alama za kucheka chini. Bila kujua kwamba we ni mchekeshaji. Kwa nini nasema bila msaada? Kwa sababu msaada hausafiri. Mtu anapiga skrinshoti, anakata juu na chini, anatuma. Kwenye WhatsApp ujumbe ukishapita mikono 5 unawekewa mishale miwili na unaweza kuufowadi kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa mara moja, walifanya hivo mwaka 2020 kupunguza uzushi, lakini skrinshoti mpya inaanza upya kabisa kama imezaliwa leo, haina mshale hata mmoja.

Na jamani, nembo. Nawaomba. Kuna vijana humu nimeona kazi zao, nzuri, ila zina nembo ya kituo cha kweli pale kwenye kona. Ukiweka nembo ya kituo cha kweli hujaiga sauti tena, umemwekea mtu mwingine maneno mdomoni. Mmeona vituo vyenyewe vinavyopiga muhuri mwekundu wa FAKE juu ya mabango hayo, na hawachagui kama lilikuwa la mzaha au la uongo, kwao yote ni bango lenye nembo yao na habari isiyo yao. Na sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kudanganya au kupotosha, na ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili. Utasema nia yangu ilikuwa kuchekesha. Sawa, na nembo uliiweka kwa nia gani? Hilo swali utaulizwa na jibu lake gumu. Tengeneza kituo chako cha kubuni, kipe hata jina la mtaa wenu, kona ya skrini ikae picha ya sufuria.

Mi sikuwahi kuweka nembo ya mtu. Na bado nilikosea, na nimekuja kuwaambia nilivyokosea.

Ilikuwa 2022. Mnakumbuka mwaka ule unga wa ngano na mafuta ya kula vilivyokuwa vinapanda. Mtaani kwetu kuna mama anauza chapati asubuhi, shilingi 300, mtu mzuri sana, na siku moja chapati zake nikaziona kama zimepungua upana. Nikaingia kabatini. Nikasoma kwa sauti ile ile: chapati ya mtaa wetu yapanda hadi shilingi 500 kuanzia Jumatatu, wakazi watakiwa kuwa watulivu, chai yaendelea kupatikana kwa bei ya zamani. Kwangu ilikuwa ni jambo dogo. Chapati! Nikaona "wakazi watakiwa kuwa watulivu" ndo kichekesho chenyewe, nani atakosa kujua huu ni mzaha?

Nikaituma kwenye grupu la mtaa Jumamosi jioni. Jumapili mchana imeshafika kwenye magrupu matatu ambayo mi simo. Na Jumatatu asubuhi yule mama kakuta watu wawili watatu tu badala ya foleni yake ya kila siku. Ndoo ya unga kashakanda. Wengine walipita wakamsema kabisa, kwamba amewaonea, kwamba na yeye kawa kama wale wenye maduka. Hajui hata wanaongea nini, simu yake ya kitochi, hana WhatsApp.

Ipimeni sasa kwa kipimo cha tambi. Je, jambo lilionekana la kipuuzi kwa kila mtu? Hapana! Unga ulikuwa unapanda kweli. Kutoka 300 kwenda 500 ni kupanda ambako mtu aliyetoka dukani na unga jana yake anaweza kukuamini bila kufikiri mara mbili. Nilikuwa nimechukua jambo dogo kwangu mi ninayepata chai ya ofisini, lakini kwa mtu anayenunua chapati 4 za watoto kabla ya shule ile tofauti ni shilingi 800 kwa siku, na hiyo siyo habari ndogo, hiyo ni habari. Niliisoma kama habari na wao wakaisikia kama habari. Ningesema chapati zimekuwa za pembetatu, au chapati moja imekutwa imelala na ubavu wake wa kushoto haujaiva, uchunguzi unaendelea, hakuna ambaye angebadilisha njia asubuhi ile.

Na nikakosea mara ya pili, na hili la pili nadhani ndo kubwa zaidi. Nilipoambiwa nikashtuka, nikakimbilia kabatini tena, nikarekodi kukanusha. Kwa sauti gani? Ile ile! "Habari zilizotufikia hivi punde, taarifa za kupanda kwa bei ya chapati zimekanushwa vikali." Nikadhani nafunga mzaha kwa mzaha. Kumbe watu wanajua maana ya "kukanushwa vikali" kwenye taarifa ya habari. Mzee mmoja kwenye grupu akaandika, ikishakanushwa ujue ipo. Na akaungwa mkono na watu kama kumi.

Ndo jioni ile nikarekodi ya tatu. Nje ya kabati. Kibarazani, kuku wanasikika, gari linapita, na sauti yangu ya kila siku, nikataja jina langu na nyumba ninayokaa: jamani ni mimi, ile ya chapati niliitunga mimi, mama hajapandisha bei hata senti, bado 300, namwomba radhi na nawaomba radhi. Sekunde 15. Hiyo ikaaminika, na nimefikiri sana kwa nini, na nadhani ni kwa sababu ya wale kuku. Sauti ya studio haina mahali, haina mtu. Ile ilikuwa na mtu na nyumba yake, ukitaka unaenda kumgongea mlango.

Kesho yake alfajiri nilienda mwenyewe kwenye meza ya yule mama, nikanunua chapati 20 kwa 300, nikamweleza yote nimesimama pale mbele ya wateja. Alisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika kama nilivyotegemea. Kaniuliza kitu kimoja tu, hiyo sauti uliyosomea ni ipi, niisikie. Nikamsomea ile habari pale pale, polepole, kama ya saa mbili usiku. Akaitikia kwa kichwa akasema, "Mwanangu, hata mimi ningeamini, ningejua nimepandisha bei."

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Wenye voisi zenu leteni mbele tuzisikilize moja moja, tunaanza na ile ya mbuzi.